Sista, nimeshakuambia ni cha dukani!

SEHEMU YA 1

Safari hii sianzi na ugonjwa. Naanza na sisi manesi, na nikisema sisi na mimi nimo.

Kuna tabia tunayo tukiulizwa maswali kwa simu. Mama anaandika kuhusu kifaa alicho nacho nyumbani, labda kipimajoto. Sisi hatukioni. Basi jibu la kwanza tunamwambia hatujui kifaa chake ni cha aina gani. Hilo ni sawa kabisa, na ni ukweli. Tatizo ni kwamba jibu la pili tunarudia, la tatu tunarudia, la nne tunarudia, mpaka mama anachoka, anaona anachezewa, anafunga simu. Sisi tunabaki tunajiona tumekuwa waangalifu. Mimi nasema huo sio uangalifu, ni kumtupa mama huku umemshika mkono.

Najua baadhi ya wenzangu hapa hawatapenda. Someni mpaka mwisho halafu mniseme. Nitawapa kisa changu mwenyewe, sitamsema mtu mwingine.

SEHEMU YA 2: ULE USIKU

Mama mmoja, mtoto wake wa kwanza, wiki 5. Mume yuko kazini usiku. Saa 5 usiku ananiandikia. Hizi hapa meseji zetu kama zilivyokwenda.

“Shikamoo sista. Mtoto wangu wa wiki 5 anachemka, nimempima imesoma 38.4. Ni homa au ni joto la nguo?”

Nikajibu: “Marahaba mdogo wangu, pole. Inategemea na aina ya kipimo chako, maana mimi sijakijua ni kipi. Vipimo vinatofautiana.”

“Ni kile cha dukani cheupe, kina kioo kidogo, kinalia tii tii. Nimemuwekea kwapani. Nifanyeje?”

Nikajibu: “Sawa, ila kwa kuwa sijakiona siwezi kusema kwa uhakika. Vingine huwa vinazidisha.”

“Nimempima tena, 38.3.”

Nikajibu: “Nimeona. Ila kama nilivyosema, sijui ni cha kampuni gani wala betri yake ikoje. Endelea kumwangalia.”

“Kwa hiyo nimpeleke au nisimpeleke?”

Nikajibu: “Kama kipimo chako kiko sahihi basi hiyo ni homa. Ila ndiyo hivyo, kifaa chako mimi sikijui.”

“Sista, nimeshakuambia ni cha dukani! Haya asante, usiku mwema.”

Hakujibu tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nikalala. Nilikuwa sijasema uongo hata mmoja. Kila sentensi yangu pale ni ya kweli, isome tena uone.

Asubuhi saa 3 akaja naye. Mtoto alishaanza kukataa ziwa. Akalazwa, akawekewa mpira wa dawa mkononi, akachomwa sindano za antibayotiki siku kadhaa. Alipona, namshukuru Mungu, leo anakimbia. Lakini kutoka saa 5 usiku mpaka saa 3 asubuhi ni saa 10. Kwa mtoto wa wiki 5 mwenye maambukizi, saa 10 ni nyingi mno.

Siku ya kuruhusiwa nikamuuliza taratibu, mdogo wangu, mbona hukuja usiku ule? Akaniangalia kama mtu anayeona swali la ajabu. Akasema: “Si wewe uliniambia kipimo changu kibovu?”

SEHEMU YA 3: ALICHOSIKIA SIO NILICHOSEMA

Nimekaa na hilo jibu lake muda mrefu. Mimi sikumwambia kipimo chake ni kibovu. Nilimwambia sikijui. Lakini nilimwambia mara nne.

Jiweke wewe. Unamuuliza fundi kama gari litafika Morogoro. Mara ya kwanza anakwambia, tairi zako sijaziona. Unasema sawa, unamweleza tairi zikoje. Anakwambia tena, ila tairi zako sijaziona. Unamwambia kuna safari ya haraka, anarudia tairi. Mara ya nne hutasikia tena kwamba hajaziona. Utasikia kwamba tairi zako zina shida na fundi anaogopa kusema. Utalala, hutasafiri.

Ndivyo lugha ilivyo kwetu binadamu. Neno likisemwa mara moja ni taarifa. Likirudiwa kila mara linakuwa ndiyo jibu lenyewe. Mama alileta maneno mawili: wiki 5, na 38.4. Hayo mawili ndiyo yalikuwa na uzito. Mimi nikayafunika na la tatu ambalo halikuwa na uzito wowote, la kifaa, na nikalirudia mpaka likawa kubwa kuliko mtoto.

Halafu kuna lile la hasira. Mama akikasirika tunasema “wamama wa siku hizi hawana subira”. Hapana. Yule mama alijibu swali langu. Alisema cheupe, kioo kidogo, kinalia, kwapani. Hayo ni maelezo kamili ya kipimajoto cha dijitali cha kwapani, kile ambacho duka la dawa karibu lolote linacho. Alinipa nilichoomba, nikajifanya sikukipata. Nani hakasiriki?

SEHEMU YA 4: HESABU AMBAYO NILITAKIWA KUIFANYA

Sasa hapa ndipo penye kiini, naomba mnifuate polepole. Nitakuonyesha kwamba usiku ule kutokujua kifaa hakukubadilisha jibu hata kidogo.

Kwanza, mstari wetu uko wapi. Kwapani, joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Akiwa chini ya miezi 2 na kipimo kikavuka hapo juu, mtoto huyo anatakiwa aonekane na mhudumu, usiku huo huo. Na akishuka chini ya 35.5 ni hatari vile vile, wengi hawajui hili. Mtoto mchanga mwenye maambukizi makali anaweza akawa wa baridi badala ya kuwa wa moto.

Sasa chukua 38.4 ya yule mama, tuipitishe kwenye kila kifaa ambacho angeweza kuwa nacho.

Tuseme ni cha dijitali cha kwapani, kama alivyosema. Vipimo hivi vikiwa vizima hukosea kidogo sana, nyuzi 0.1 au 0.2. Toa 0.2 unapata 38.2. Bado ni juu ya mstari. Jibu: mpeleke.

Tuseme nilimwelewa vibaya na kumbe alikiweka njia ya haja kubwa. Huko ndani kipimo husoma juu kuliko kwapani kwa kama nusu nyuzi. Toa 0.5 unapata 37.9. Bado juu. Jibu: mpeleke.

Tuseme ni kile cha kuelekeza kwenye paji la uso kama bastola, ambacho wengi mlikizoea wakati wa korona. Hicho kinayumba zaidi, kinaweza kupotea nusu nyuzi au hata zaidi, kwenda juu au kushuka. Ukikitoa nusu unabaki na 37.9. Na kama kimepotea kwa kushusha, basi mtoto ana moto kuliko kinavyoonyesha. Jibu: mpeleke.

Tuseme ni kile cha zamani cha kioo chenye zebaki. Hicho kikikaa kwapani dakika za kutosha kinasoma vizuri, na kikitolewa mapema kinasoma chini ya ukweli, sio juu. Jibu: mpeleke.

Umeona? Vifaa vinne, njia nne, mlango mmoja. Mimi nilisimama kwenye njia panda nikijiuliza ni njia ipi, wakati zote zinaishia pale pale. Ningefanya hesabu hii kichwani, ingenichukua nusu dakika, na meseji yangu ya pili ingekuwa: “Kwa kipimo chochote unachotumia, mtoto wa wiki 5 mwenye 38.4 anatakiwa hospitali usiku huu. Mnyonyeshe njiani, usimpe dawa ya kushusha homa ili usubiri asubuhi.” Basi. Ingetosha.

Na lile swali lake la joto la nguo? Lilikuwa swali zuri sana, kuliko langu la kifaa. Mtoto aliyefunikwa mablanketi mawili na kofia ya sufu anaweza kupanda joto bila ugonjwa. Unampunguza nguo, unasubiri kama robo saa, unampima tena. Lakini kwa wa chini ya miezi 2 huko kusubiri kusikucheleweshe. Punguza nguo huku unajiandaa, na akishuka mweleze mhudumu yote mawili, alichosoma kwanza na alichosoma baadaye.

SEHEMU YA 5: WAPI KIFAA KINA NENO

Sasa wenzangu msije mkasema nesi huyu anawafundisha watu kujibu ovyo bila kuuliza kifaa. Hapana. Kuna mahali kifaa kinabadilisha jibu kabisa, na hapo usipouliza umekosea vibaya. Nitatoa mifano mitatu tu.

Wa kwanza. Mama anaandika, mtoto wangu kipimo kinasoma 101. Usianze kumweleza hujui kifaa chake. Namba yenyewe imekwambia. Hakuna mtoto mwenye nyuzi 101 za selisiasi, angekuwa anachemka kama maji ya chai. Hiyo ni farenihaiti, na kwenye kioo pembeni kutakuwa na alama ndogo ya °F badala ya °C. Toa 32, gawanya kwa 1.8, utapata 38 na kidogo. Hapa kifaa kilikuwa na neno, lakini hukuhitaji kumuuliza mama hata mara moja. Ulihitaji kuangalia namba.

Wa pili. Mama ana mtoto wa miaka 2, anacheza, anakula, anagombania rimoti na kaka yake, halafu kipimo cha bastola kinasoma 34.1. Mama amepaniki. Hapa kifaa ndicho chenye kesi. Vipimo vingi vya aina hii vina sehemu mbili za kupimia, moja ya mwili na nyingine ya vitu kama maziwa kwenye chupa au maji ya kuogea. Kwenye kioo utaona Body au Surface. Kikiwekwa kwenye Surface kinasoma ngozi kama kinavyosoma chupa, bila kurekebisha, na namba inatoka chini. Kwa hiyo unauliza swali moja: kwenye kioo imeandikwa nini? Akikwambia Surface, unamwelekeza arudishe kwenye Body, apanguse jasho kwenye paji, kama mtoto ametoka nje kwenye jua au upepo akae ndani kwanza kidogo, apime tena. Swali moja, hatua moja, jibu. Hakuna sababu ya kulirudia.

Wa tatu ndio mgumu, na ndio unaonitia hofu. Mama wa mtoto wa wiki 3, anapima kwa bastola, 36.9. Anafurahi, anasema mtoto hana homa ila tangu mchana hanyonyi vizuri na amelegea. Hapa namba nzuri inadanganya. Kifaa kinachoyumba kikikupa namba nzuri kwa mtoto anayeonekana mgonjwa, usikiamini. Hapo lazima useme: “Hicho cha paji la uso kisikuondolee wasiwasi, mtoto asiyenyonya ni wa hospitali hata kama hana homa.” Unasema mara moja, kwa nguvu, na unamtoa nyumbani.

Umeona tofauti? Kwenye mifano hii mitatu, shaka kuhusu kifaa imekuja na kazi ya kufanya. Angalia namba. Badilisha kitufe. Usikiamini, nenda. Usiku ule wa kwangu shaka ilikuja peke yake, haina kazi, inazunguka tu. Hiyo ndiyo naipiga vita.

SEHEMU YA 6: “LAKINI NIKIKOSEA NITALAUMIWA MIMI”

Nimeongea hili na wenzangu wodini na hoja yao kubwa ni hii. Wanasema, wewe sista unajitia ushujaa, siku mtoto akipata shida watasema nesi fulani aliniambia. Bora ujikinge, useme hujui kifaa, iandikwe.

Naielewa hofu hiyo, ninayo pia. Lakini tuwe wakweli, inamkinga nani? Meseji zangu za usiku ule zipo. Mtu yeyote angezisoma angeona nesi aliyeambiwa wiki 5, akaambiwa 38.4, akaambiwa kwapani, akaulizwa waziwazi “nimpeleke au nisimpeleke”, na hakusema mpeleke. Zile “sijui kifaa” nne haziniondolei lawama hata moja. Zinaongeza, maana zinaonyesha nilikuwa macho na simu mkononi.

Na kama hofu yako ni kukosea, tazama makosa yenyewe yana bei gani. Nikimwambia aende, na kumbe kipimo kilizidisha, amepoteza nauli ya bodaboda na usingizi wa usiku mmoja. Sidharau nauli, najua kuna mwezi elfu tano inauma. Nikinyamaza na kumbe kipimo kilisema kweli, tumepoteza saa 10 za mtoto. Bei hizi mbili hazifanani. Ukiwa na shaka na kifaa, shaka yako iegemee upande wa bei ndogo, na uiseme hivyo hivyo: “Hata kama kipimo kimezidisha, heri uende.”

Kuna hoja nyingine, hii ina uzito zaidi. Dada mmoja ninayemheshimu sana kazini aliniambia, ukisema mara moja tu mama anasahau, ndiyo maana narudia. Nikamjibu, dada, yapo ya kurudia. Rudia dalili za hatari. Rudia saa ya kurudi. Ukirudia kitu ambacho mama hawezi kukifanyia chochote, humkumbushi, unamchosha, na akishachoka hatasikia hata lile la maana litakalofuata. Alikaa kimya kidogo, akasema haya, hilo nakubali. Na mimi nakubali kwake jambo moja: mama akibadilisha kifaa katikati ya maongezi, labda ameazima cha jirani, hapo una haki ya kulifungua upya. Habari imebadilika. Kama haijabadilika, limeshasemwa.

SEHEMU YA 7: NAFANYAJE SASA

Siku hizi mama akiniandikia habari za joto, najibu kwa mpangilio huu.

Nauliza mambo matatu kwa pamoja kwenye meseji moja, sio moja moja kama hakimu: mtoto ana umri gani, kipimo kimesoma ngapi, na umekiweka wapi mwilini. Nasema mara moja kwamba kifaa sikioni, kwa hiyo anieleze kinavyoonekana. Hapo ndipo neno hilo linaisha.

Akishajibu, najiuliza kimoyomoyo: kifaa kingekuwa kingine, jibu langu lingebadilika? Likiwa halibadiliki, natoa jibu, sikigusi kifaa tena. Likiwa linabadilika, natoa majibu yote mawili kwa “kama”, halafu namwonyesha jinsi ya kujua ni lipi lake. “Kama kwenye kioo imeandikwa Surface, fanya hivi. Kama imeandikwa Body, fanya vile.” Mama anachagua mwenyewe, na kumaliza.

Halafu najiuliza kama kipo kitu kisichohitaji kifaa chochote. Na karibu kila mara kipo. Mtoto hanyonyi. Mtoto ana degedege. Kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi. Anapumua haraka, na kwa wa chini ya miezi 2 haraka ni pumzi 60 au zaidi ukihesabu dakika nzima akiwa ametulia, na ukipata 60 hesabu tena kuhakikisha. Amelegea, hasogei mpaka umguse. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, hata moja tu kati ya hizo inakutoa nyumbani, kipimo kiseme kinachotaka. Macho yako na saa ya simu havina betri mbovu.

SEHEMU YA 8: NA WEWE MAMA

Nimewasema manesi, sasa na wewe nikupe silaha yako.

Kabla hujaniandikia mimi au nesi mwingine yeyote, fanya hivi. Kipimo cha kwapani: futa jasho, ncha iguse ngozi juu kabisa kwapani na sio nguo, bana mkono wa mtoto ubavuni, subiri mpaka kilie. Kikiandika Lo mara nyingi maana yake bado hakijapata joto la kutosha au ncha imetoka, rudia. Lakini kikiendelea kuandika Lo na mtoto ni wa baridi ukimgusa tumbo, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike, nenda. Kisha piga picha ya kipimo kikiwa na namba, tuma pamoja na umri wa mtoto. Picha moja inamnyima nesi kisingizio cha kutokijua kifaa chako.

Na nesi akianza kuzunguka, inategemea, sijakiona, vinatofautiana, usikasirike ukafunga simu kama yule mdogo wangu. Nakuomba. Muulize hivi: “Sista, tuseme kipimo changu ni kizima, ungeniambia nifanye nini? Na tuseme ni kibovu, ungeniambia nifanye nini?” Majibu yakiwa ni yale yale, umeshapata jibu, vaa kanga uondoke. Yakiwa tofauti, mwambie akueleze utajuaje. Swali hilo moja linamrudisha nesi kazini.

Ukiona hata hapo hajibu, na mtoto wako ni wa chini ya miezi 2, usisubiri meseji ya mtu. Nenda. Hakuna nesi wa zamu atakayekufukuza kwa sababu mtoto hakuwa na homa kubwa ya kutosha, na akikufukuza mwambie apime yeye, kwa kifaa chake, anachokijua.

Yule mama bado ananiandikia. Juzi kaniuliza kuhusu mtoto wa dada yake, miezi 7, 37.9, anacheza na kunyonya, anakojoa kama kawaida. Nikajibu moja kwa moja: “Ni homa, ila huyo anacheza na ananyonya. Mpunguzieni nguo, mnyonyesheni mara kwa mara, na kesho asubuhi apelekwe kituo apimwe malaria. Akilegea, akitapika kila kitu au akikataa ziwa, msisubiri kesho.” Akajibu, asante sista. Halafu baada ya kama dakika moja akaongeza: “Leo hujaniuliza kipimo.”

Nikamjibu, mdogo wangu, kwa huyo hakikuwa na neno.